Pima kiwiko kabla ya kununua stendi ya laptopu

Laptopu ina kasoro moja ambayo hakuna mkao utakaoiondoa: skrini na kibodi vimefungwa pamoja kwa bawaba. Ukiiweka mahali ambapo mikono inatulia, skrini inabaki chini na shingo inainama. Ukiinyanyua mpaka shingo inyooke, mikono inaelea hewani na mabega yanapanda. Ndiyo maana kumwambia mtu "kaa wima" mbele ya laptopu iliyolala mezani hakumsaidii kitu. Atakaa wima dakika tano, halafu macho yataivuta shingo irudi kwenye maandishi.

Dawa yake ni kuvitenganisha: laptopu ipande juu ya stendi, kibodi ya nje ibaki chini kwenye mikono. Hilo watu wengi wameshalisikia. Kinachosahaulika ni kitu cha tatu, kimo cha meza. Meza ikiwa juu kupita kiasi, si mabega tu yatakayoumia. Hata stendi utainunua fupi, na utaamini kabisa kwamba inakufaa.

Nitalieleza hili kwa kisa cha mhasibu mmoja, kwa sababu alipitia hatua zake moja baada ya nyingine na kila hatua ilimwachia maumivu ya aina yake. Kimo chake ni sentimita 162. Meza yake ilikuwa na sentimita 75 kutoka sakafuni, kimo cha kawaida kabisa kwa meza za kazi. Laptopu ni ya inchi 15.6, na kiti ni cha magurudumu kinachopanda na kushuka kwa wenzo.

Maumivu yalianzia kwenye ule mfupa unaojitokeza nyuma, pale shingo inapokutana na mgongo. Mchana alikuwa anaukandakanda kwa vidole, jioni hawezi kugeuza kichwa kutazama kando bila kugeuza na kifua. Sababu haikuwa ngumu kuiona. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4.5 hadi 5 hivi. Kikikaa juu ya mabega, mifupa ndiyo inayoubeba uzito huo. Kikisogea mbele, misuli ya nyuma ya shingo ndiyo inayokizuia kisidondoke. Ndoo ya maji ukiibeba karibu na mwili ni tofauti na ukiibeba kwa mkono ulionyooshwa mbele: maji ni yaleyale, mkono ndio unaojua tofauti. Laptopu yake ilipokuwa mezani, ukingo wa juu wa skrini ulikuwa sentimita 16 chini ya macho yake, na katikati ya skrini ilikuwa chini zaidi ya hapo. Saa nane kwa siku misuli ileile ilikuwa inashikilia.

Akanunua stendi ya sentimita 12. Hakununua kibodi, kwa kuwa aliona ya laptopu inatosha. Siku za mwanzo shingo ilipata nafuu kweli, akafurahi. Kisha maumivu yakahamia juu ya mabega, kwenye ile misuli inayotoka shingoni kushuka begani, na viganja vikaanza kuchoka kwa sababu alikuwa anachapa mikono ikiwa karibu na usawa wa kifua. Hili ni la kutarajiwa. Stendi bila kibodi ya nje inafaa kwa kusoma, kutazama video au mkutano wa mtandaoni. Kwa mtu anayechapa, inahamisha mzigo kutoka shingoni kwenda mabegani, basi.

Akaongeza kibodi ya nje na kipanya. Viganja vikatulia, shingo ikabaki nzuri, lakini mabega hayakuachia. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa na kuona wametupa pesa bure. Naye alifika hapo. Stendi ilikaribia kurudi kwenye boksi. Kumbe kilichobaki ni meza yenyewe.

Utepe wa kupimia ndio uliomaliza ubishi. Kipimo cha kwanza ni cha kiwiko. Unakaa nyayo zote mbili zikiwa zimelala sakafuni, mgongo umeegemea, mapaja yako sambamba na sakafu, mikono inaning'inia. Unakunja viwiko kama mtu anayeshika trei, bila kuinua mabega, na mtu mwingine anapima kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko. Kipimo cha pili ni cha jicho, kutoka sakafuni hadi pembe ya nje ya jicho, ukitazama mbele. Kaa unavyokaa kazini. Ukijinyoosha kama unapigwa picha ya pasipoti, utapata sentimita mbili au tatu za uongo, na utazilipia baadaye.

Kwa mhasibu wetu, kiti kilikuwa sentimita 42, kiwiko sentimita 64, jicho sentimita 112. Sasa tazama meza. Ina sentimita 75, na kibodi ina unene wa 2, kwa hiyo vidole vinafanya kazi kwenye sentimita 77 wakati kiwiko kiko 64. Tofauti ni sentimita 13. Mkono unawezaje kufika huko? Ama bega linapanda, ama kiwiko kinatanuka kando, na kwa kawaida vyote viwili. Hata ukae vizuri vipi, bega haliwezi kupumzika wakati mkono umewekwa sentimita 13 juu ya mahali pake.

Kuna njia mbili za kuziba tofauti hiyo, na kila moja ina mtego wake.

Njia ya kwanza ni kupandisha kiti na kuweka kibao chini ya miguu. Kiti kikipanda sentimita 13, kibao nacho kiwe na sentimita 13, kisipungue sana. Ukipandisha kiti ukasahau miguu, ukingo wa kiti utabana mapaja kwa chini, miguu itakufa ganzi, na bila kujua utateleza mbele ya kiti kutafuta sakafu. Ukishateleza, mgongo umeachana na egemeo na shingo inarudi mbele palepale ilipokuwa. Kibao kiwe kipana cha kutosha nyayo mbili na nafasi ya kuzisogeza. Kidogo kama kigoda cha mtoto kinamfanya mtu agande sehemu moja. Kwa mhasibu huyu njia hii iligonga ukuta mara mbili. Kiti chake kiligota kwenye sentimita 52, na yeye alihitaji 55. Pengo la sentimita tatu lingezibwa na mto mgumu, lakini meza ilikuwa na droo katikati, iliyoshuka sentimita 12 chini ya uso wa meza. Kiti kikiwa 55 na mapaja yake yana unene wa sentimita 14, magoti yangehitaji kupita kwenye sentimita 69, na sehemu ya chini ya droo ilikuwa 63. Hayapiti. Kabla ya kununua kibao cha miguu, pima nafasi hiyo ya mapaja. Ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Njia ya pili ni kuishusha meza. Kama ni ya mbao na ni yako, seremala anaikata miguu kwa muda mfupi. Binafsi naipendelea njia hii kwa mtu anayetumia meza peke yake, kwa sababu miguu inabaki sakafuni na hakuna kifaa cha ziada cha kuhamahama. Mhasibu alitoa droo, na meza ikakatwa sentimita 12, si 13. Sentimita moja iliachwa makusudi: kukata tena kunawezekana, kurudisha haiwezekani. Meza ikawa 63, kibodi ikaja kwenye 65, kiti kikapandishwa sentimita moja hadi 43, na kiwiko kikafika 65. Chini ya ubao wenye unene wa sentimita 2.5 kulibaki sentimita 60.5, na mapaja yalihitaji 57. Yakapita.

Mabega yaliachia ndani ya wiki chache. Lakini shingo ikarudi kuuma.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame. Stendi ya sentimita 12 haikuwa imebadilika, kwa nini sasa inaumiza? Rudi kwenye vipimo. Meza ilipokuwa 75 na jicho 112, kati ya uso wa meza na jicho kulikuwa na sentimita 37 tu. Laptopu yake ikifunguliwa, ukingo wa juu wa skrini unafika sentimita 21 juu ya kitako cha laptopu. Ongeza stendi ya 12, unapata 33, yaani sentimita nne chini ya jicho. Safi kabisa. Ila ilikuwa safi kwa sababu meza yenyewe ilikuwa imeinyanyua skrini kupita kiasi. Meza iliposhuka, jicho lilibaki karibu palepale, 113, na umbali kutoka uso wa meza hadi jicho ukawa sentimita 50. Skrini yenye 33 ikawa sentimita 17 chini ya jicho, karibu sawa na siku ile laptopu ilipokuwa imelala mezani bila stendi yoyote. Kosa la meza lilikuwa limelifunika kosa la stendi.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: kiti kwanza, mikono pili, macho mwisho. Na hesabu ya stendi haihitaji hata kujua kimo cha meza, ilimradi meza na kiti vimeshakubaliana na kiwiko. Toa kimo cha kiwiko kwenye kimo cha jicho. Kwake ni 113 kutoa 65, jibu 48. Ongeza unene wa kibodi, 2, inakuwa 50. Toa kimo cha skrini ya laptopu iliyofunguliwa, 21, inabaki 29. Halafu toa sentimita 5, kwa sababu ukingo wa juu wa skrini haupaswi kuwa juu ya jicho. Macho hupumzika yakitazama chini kidogo. Jibu ni stendi ya sentimita 24. Umbali kati ya kiwiko na jicho ni wa mwili wako. Ukipandisha kiti, vyote viwili vinapanda pamoja. Ndiyo maana namba hiyo unaweza kuiandika kwenye karatasi na kwenda nayo kwenye meza yoyote.

Kabla ya kununua, jaribu kwa vitabu. Panga rundo la sentimita 24, weka laptopu juu, fanya kazi siku kadhaa, ongeza au punguza kitabu kimoja mpaka ujue namba yako. Angalizo ni matundu ya hewa: laptopu nyingi huvuta hewa kwa chini, na vitabu vikiyaziba utasikia feni ikivuma mfululizo. Weka vitabu kwenye pembe nne, au tumia marundo mawili yenye nafasi katikati.

Ukishaijua namba, stendi nyingi zinajiondoa zenyewe kwenye orodha, kwa kuwa aina bapa zinazokunjwa na kuingia kwenye begi mara nyingi hazifiki kimo hicho. Zile zenye maungio mawili zinafika, ila maungio hulegea, hasa chini ya laptopu nzito. Skrini inashuka taratibu, milimita kwa milimita, na mtu anaifuata kwa shingo bila kujua. Weka alama ya kalamu kwenye ungio, au pima tena kila mwezi, na ukaze skrubu zake kwa ufunguo mdogo uliokuja nazo. Stendi ikitikisika kidogo ukiigusa si neno, maana huchapi juu yake.

Umbali nao una ujanja wake kwenye laptopu. Bawaba iko nyuma, kwa hiyo skrini iko mwisho wa kitako chenye kina cha sentimita 25 hivi. Ukiweka kibodi ya nje mbele ya laptopu yote, skrini inakwenda mbali mno, na mtu anachungulia kwa kidevu. Laptopu ikiwa juu sentimita 24, kuna nafasi chini yake; sogeza kibodi mpaka nusu yake ijifiche chini ya ukingo wa mbele wa laptopu. Lenga ukinyoosha mkono, ncha za vidole ziiguse skrini au zikaribie. Kama maandishi hayasomeki kwa umbali huo, ukubwa wa maandishi ndio wa kubadilisha, si umbali. Kwenye Windows ni `Settings > System > Display > Scale`, jaribu `125%`. Kwenye kivinjari ni `Ctrl` na `+`. Shingo nyingi zinazosogea mbele zinafuata herufi ndogo tu.

Kwenye kibodi, jambo moja linapita mengine yote: upana. Kibodi yenye safu ya namba kulia inamlazimisha mtu anayetumia kipanya kwa mkono wa kulia aupeleke mkono mbali upande, na bega hilo moja litauma jioni hata kama meza ni sahihi. Kibodi fupi isiyo na safu hiyo inakisogeza kipanya karibu na mwili. Mhasibu alihitaji namba, na kwake tulipata njia ya katikati: kibodi fupi, na kipande cha namba kinachojitegemea, kilichowekwa kushoto. Kibodi yoyote uliyonayo, panga herufi zake mbele yako na si kibodi nzima. Mstari kati ya `G` na `H` uwe mbele ya pua. Na vile vimiguu vya nyuma vya kibodi vikunje. Vikisimama, vinakunja kifundo cha mkono kwenda juu.

Wavaaji wa miwani yenye sehemu ya kusomea chini ya kioo waachane na hesabu yangu ya sentimita 5. Wao husoma kwa kupitia sehemu ya chini ya kioo, kwa hiyo skrini ikiwa karibu na usawa wa macho wanainua kidevu na kukunja shingo kwa nyuma, na maumivu yanakuja chini ya kisogo, wakati mwingine yakipanda kichwani. Washushe stendi sentimita mbili mbili mpaka kidevu kishuke. Wengi huishia chini sana kuliko walivyotarajia. Anayeshinda kwenye kompyuta amwombe mtaalamu wa macho miwani ya umbali wa skrini pekee. Inaondoa tatizo hilo kabisa.

Mahali maumivu yalipo hukupa fununu nzuri ya cha kugusa. Yakiwa chini ya shingo, kwenye ule mfupa, mara nyingi skrini iko chini au mbali. Yakiwa juu ya mabega yote mawili, kibodi iko juu kuliko kiwiko. Yakiwa bega moja, tazama kipanya. Yakiwa chini ya kisogo, skrini iko juu au miwani inakuinua kidevu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, ukipe wiki, vinginevyo hutajua ni kipi kilichosaidia. Wiki ya kwanza unaweza kuhisi uchovu kati ya mabega, kwa kuwa misuli iliyokuwa imelala inaanza kufanya kazi. Huo hupungua siku hadi siku. Lakini ganzi inayoshuka mkononi, kuangusha vitu, mkono au mguu kukosa nguvu, kuyumba wakati wa kutembea, au maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka, hayo si ya stendi wala meza. Ni ya daktari, na upesi.

Na hata mpangilio ukiwa sahihi kwa milimita, ukikaa saa tatu bila kusogea utaumia. Misuli inachoka kwa kushikilia mkao mmoja, uwe mzuri au mbaya. Simama kila nusu saa, hata kwa dakika moja.

Njia bora ya kuhakiki ni picha. Mwombe mtu akupige kwa upande, simu ikiwa usawa wa bega lako, baada ya dakika 40 za kazi na bila kukuambia lini. Picha ya dakika ya kwanza haina maana, kila mtu hukaa vizuri dakika ya kwanza. Kwenye picha, tazama tundu la sikio na ncha ya bega: sikio likiwa juu ya bega au mbele kidogo tu, vipimo vimekaa. Likiwa mbele sana, kuza maandishi kwanza, halafu vuta laptopu karibu, halafu ndipo uguse kimo cha stendi. Kwa mhasibu, picha ya kwanza ilionyesha sikio bado liko mbele ingawa skrini ilikuwa kwenye kimo chake. Herufi za jedwali lake zilikuwa za ukubwa wa 8.